Prado Mbili Zinazofanana: Kulinganisha Gari la Wakala Rasmi na Gari Lililoagizwa Nje ya Mkondo Wake

Ukiegesha Prado mbili za umbo la 150 ubavu kwa ubavu, moja iliyouzwa mpya na wakala rasmi wa Toyota hapa Tanzania na nyingine iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam baada ya kutumika Japani, mtu wa kawaida hataona tofauti zaidi ya rangi na vibandiko vilivyobaki kwenye vioo. Fundi mzoefu atafungua boneti au mlango wa dereva, atasoma kibati cha utambulisho, na kabla hajagusa kitu kingine atakuwa amejua anashughulika na gari gani. Gari la wakala lina namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 zilizofuatana, ambazo kwa gari la Toyota lililotengenezwa Japani huanza na JT. Gari lililoundwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe halina namba ndefu ya namna hiyo. Lina jina fupi la muundo, kistari, na tarakimu saba, kwa mfano GDJ150-0012345, na kwenye mstari wa muundo utakuta herufi W mwishoni, yaani GDJ150W au TRJ150W. Karibu kila jambo linalowachanganya wanunuzi kuhusu bei, spea na dhamana linaanzia kwenye kibati hicho, kwa sababu ndicho kinachosema kiwanda kililiunda gari hilo kwa ajili ya soko lipi.

Gari lililoagizwa nje ya mkondo wa wakala si gari la magendo. Limelipiwa ushuru, limekaguliwa na limesajiliwa kama mengine. Linachokosa ni kupita kwenye mikono ya kampuni ambayo mtengenezaji ameipa haki ya kuuza na wajibu wa kuhudumia magari yake nchini. Kwetu kundi hili lina sura mbili. Ya kwanza ndiyo iliyojaa barabarani: gari lililotumika, lililonunuliwa mnadani Japani na kuletwa na mwenyewe au na yadi. Ya pili ina wateja wachache lakini fedha nyingi: gari jipya kabisa, aghalabu Land Cruiser, linalonunuliwa kwa wafanyabiashara wa Dubai wasiohusiana na wakala wa hapa. Nitakaa zaidi na ile ya kwanza, na Prado ndiyo nitakayoitumia kama mfano, kwa kuwa ni gari ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam au Arusha kweli hujikuta akichagua kati ya la wakala na la kuagizwa.

Tuanze na bei. Wengi wanaamini gari la Japani ni rahisi kwa sababu halina faida ya wakala ndani yake. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Sababu kubwa ni kwamba mtu wa kwanza kule Japani amekwisha kubeba ile hasara nzito ya miaka ya mwanzo, na gharama za ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara pamoja na kodi za magari zimemsukuma kuliuza lingali na nguvu. Wakala hapa anauza gari ambalo thamani yake haijaanza kushuka, na kodi zote zinatozwa juu ya thamani hiyo kamili. Kwa hiyo kulinganisha Prado mpya ya wakala na Prado ya Japani yenye miaka saba, halafu kusema wakala anatunyonya, ni kulinganisha vitu viwili ambavyo havikuwahi kuwa kimoja. Ulinganisho wa haki ni kati ya magari mawili yenye umri unaokaribiana, na nitaurudia baadaye.

Umri ndio unaoamua kodi, na hapa ndipo hesabu za watu wengi huharibika. Kenya imeweka ukuta: gari lenye zaidi ya miaka minane haliingii. Tanzania haijaweka ukuta bali imeweka ada, ambayo kila mtu bandarini anaiita uchakavu. Chukua Prado ya injini ya lita 2.8 ambayo TRA wameikubali kuwa na thamani ya dola 10,000 ikiwa imefika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kwa hiyo tunafika 12,500. Injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya jumla hiyo, yaani 1,250, tunafika 13,750. Juu ya hapo inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 2,475, na jumla inakuwa dola 16,225 kabla ya tozo ndogondogo za reli, uchakataji wa nyaraka, bandari na usajili. Hilo ni gari lenye umri chini ya miaka minane.

Sasa chukua gari lilelile kwa thamani ileile, lakini liwe limevuka miaka kumi. Uchakavu wake ni asilimia 30, unaotozwa juu ya zile 12,500 pamoja na asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa, hivyo zinaongezeka dola 5,000 badala ya 1,250. Tunafika 17,500, kisha VAT ya 3,150 inatupeleka 20,650. Kwa maneno mengine, kodi kuu tatu pamoja na uchakavu zimezidi bei ya gari lenyewe. Kwa gari lililo kati ya miaka minane na kumi uchakavu ni asilimia 15, na hapo utapata jumla ya katikati. Viwango hivi hupitiwa katika bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo asiyehakiki kabla ya kulipa atajilaumu, lakini mpangilio wa hesabu ndio huo: kila kodi inapanda mgongoni mwa iliyotangulia.

Kuna mambo mawili katika hesabu hiyo ambayo wauzaji wa mtandaoni hawayatamki. La kwanza ni kwamba TRA hawalazimiki kuikubali ankara yako; wana mfumo wao wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na ikiwa umenunua kwa bei ya chini kuliko makadirio yao, kodi itakokotolewa kwa makadirio. Mtu aliyepata bahati mnadani hapati bahati hiyohiyo forodhani. La pili ni mwaka wenyewe. Matangazo mengi yanataja mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza Japani, ilhali umri unaohesabiwa hapa ni wa kutengenezwa. Gari lililotengenezwa Novemba na kusajiliwa Februari linaonekana changa kwa mwaka mmoja kwenye tangazo, na mwaka huo mmoja unaweza kulivusha kwenye mstari wa miaka minane au kumi. Muulize muuzaji mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na akujibu kwa maandishi.

Kwa upande wa wakala bei ni ngumu zaidi kuichambua, kwa sababu inakuja ikiwa tayari imefungwa pamoja: kodi zote, usajili, huduma za mwanzo katika baadhi ya mikataba, na akiba ambayo wakala ameitenga kwa ajili ya madai ya dhamana. Anayenunua kwa mkopo wa benki atagundua pia kwamba gari jipya la wakala mara nyingi hukubalika kama dhamana ya mkopo bila maneno mengi, wakati gari lililoko melini linahitaji ulipe muuzaji wa Japani kwanza, kisha utafute fedha za kodi ndani ya siku chache kabla gharama za kuhifadhi bandarini hazijaanza kuhesabika. Huo mtaji wa mara mbili kwa mkupuo ndio uliowafanya watu kadhaa ninaowafahamu wachukue gari la yadi kwa bei ya juu kuliko kama wangeliagiza wenyewe, na sioni kwamba walikosea.

Hayo ya bei yanatosha. Penye utamu na uchungu ni spea.

Toyota hutambulisha spea kwa namba ya tarakimu kumi, tano kwa tano. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 04465 ni brekipedi za mbele, 17801 ni chujio la hewa, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ni ya kushoto. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari gani hasa. Katalogi ya kielektroniki ya Toyota imegawanywa kwa masoko: kuna soko la Japani, Ulaya, Marekani, na soko la jumla ambalo sisi tumo. Unapofika kwenye kaunta ya wakala na gari la Japani, mhudumu akaingiza namba yako fupi kwenye katalogi ya soko la jumla, gari lako halionekani. Haimaanishi kwamba spea haipo duniani, wala kwamba mhudumu ana roho mbaya. Inamaanisha kwamba lazima aingie katalogi ya Japani, aipate namba, kisha aangalie kama namba hiyo iko ghalani kwake. Mara nyingi haiko, kwa kuwa hakuwahi kuliuza gari hilo na hakuwa na sababu ya kuliwekea akiba.

Shemeji yangu alileta Prado ya dizeli ya TZ-G, ile ya daraja la juu kwa soko la Japani. Ilipofika kilomita za kutosha kwenye barabara za mkoani, shokapu za mbele zikaanza kuvuja, na alichokifanya ni kile ambacho kila mtu hukifanya: akamtuma kijana Kariakoo kununua shokapu za “Prado 150”. Zilizoletwa zilikaa vizuri kabisa. Bolti zilikutana, springi ilikaa, matairi yakafungwa. Ila juu ya zile za zamani kulikuwa na soketi ndogo ya waya, na zile mpya hazikuwa nayo. TZ-G ina mfumo unaorekebisha ugumu wa shokapu kwa umeme, unaoitwa AVS, na nyuma ina baluni za hewa badala ya springi za chuma. Fundi akazikunja zile waya, akazifunga kwa utepe mweusi na kuzificha. Gari likawa linatembea, taa ya onyo ikiwa inawaka kwenye deshibodi wakati wote, na swichi ya kuchagua safari laini au ngumu ikawa pambo. Shokapu sahihi ziliagizwa baadaye kwa namba ya chasisi, zikachukua wiki kadhaa na zikagharimu mara kadhaa ya zile za kwanza.

Kisa hicho kinaonyesha aina ya hitilafu ya ulinganifu ambayo ni mbaya kuliko spea kukataa kuingia. Spea isiyoingia inarudishwa dukani siku hiyohiyo. Spea inayoingia kwa bolti lakini haina kile ambacho gari linategemea kwa umeme, kipimo au ugumu, itafungwa, italipiwa, na tatizo litajitokeza baadaye likiwa na sura nyingine. Njia ya kujikinga ni moja na haina gharama: usinunue kwa jina la gari. Piga picha kibati, toa namba ya tarakimu kumi kwenye katalogi ya soko la Japani kwa kutumia namba kamili ya chasisi, halafu uende dukani na namba hiyo mkononi. Muuzaji wa spea anayejua kazi yake atafurahi. Asiyejua atakuambia “hizi ni zilezile”, na hapo utakuwa umejua pa kutonunua.

Lakini nisilifanye jambo hili kuwa la upande mmoja, maana kwa magari madogo mambo yamegeuka kabisa. Toyota IST, Raum, Passo na Noah zimejaa nchini ilhali karibu zote zililetwa zikiwa zimetumika, na kwa sababu ya wingi huo soko la spea limejipanga kuzifuata. Kwa IST ya NCP61 utapata Kariakoo spea mpya za viwanda vya nje ya Toyota, spea halisi zilizoagizwa, na spea zilizotolewa kwenye magari yaliyochinjwa Japani, zote ndani ya saa moja na kwa bei unayoweza kuibishania. Mwenye gari jipya la wakala la toleo lililotoka mwaka jana anaweza kusubiri taa ya nyuma kwa muda mrefu kuliko mwenye IST anayesubiri injini nzima. Kinacholeta spea sokoni ni idadi ya magari barabarani, na wakala hana mamlaka juu ya hilo.

Rudi kwenye Prado ya dizeli, kwa kuwa ina shida nyingine ambayo spea haiitibu. Mwaka 2015 Toyota ilirudisha Prado ya dizeli kwenye soko la Japani ikiwa na injini ya 1GD-FTV ya lita 2.8, na ili itimize masharti ya hewa chafu ya huko ikawekewa vitu viwili kwenye eksozi: chujio la masizi, ambalo Wajapani huliita DPR, na mfumo wa kunyunyizia yurea wenye tangi lake pembeni. Prado zilizouzwa mpya katika masoko kadhaa ya Afrika zilikuwa na hadithi tofauti kabisa. Kulikuwa hata na toleo la LJ150 lenye injini ya 5L-E, dizeli ya kizamani ya lita 3.0 isiyo na turbo, ambayo haina nguvu ya kujivunia lakini haijui chujio la masizi ni nini. Kiwanda hakikufanya hivyo kwa kutudharau. Kilijua mafuta, vumbi na mafundi watakaokutana na gari hilo.

Chujio la masizi hujisafisha kwa kuyachoma masizi pale gari linapokwenda mwendo mzuri kwa muda, na ili kupata joto hilo injini huongeza dizeli kidogo baada ya mwako. Kwenye foleni ya Mandela au Morogoro Road, uchomaji huanza na kukatizwa, huanza na kukatizwa, na ile dizeli ya ziada inaweza kuteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Hilo likitokea, dalili ya kwanza haiko kwenye deshibodi bali kwenye kijiti cha kupimia oili: kiwango kinapanda badala ya kushuka, kikapita alama ya juu, na ukinusa kijiti unasikia harufu ya dizeli. Mwenye gari asiyejua hufurahi kwamba injini yake haili oili. Kumbe oili imekuwa nyepesi, na beringi na turbo ndizo zinazolipa. Hapo hapo kuna jambo la aina ya oili. Kopo linalotakiwa kwa injini hiyo lina maandishi DL-1, yaani oili yenye majivu machache. Oili ya dizeli ya kawaida ya malori huacha majivu ambayo, tofauti na masizi, hayachomeki kabisa na hukaa ndani ya chujio mpaka lizibe. Dizeli yenyewe katika nchi za Afrika Mashariki imeruhusiwa kuwa na salfa hadi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, ambayo ni hatua kubwa ukilinganisha na tulikotoka, ila gari la Japani lilizoea sehemu 10.

Yurea nayo ina ukali wake. Tangi linapokaribia kuisha, gari huanza kuhesabu kilomita zilizobaki, na zikiisha, ukizima injini haiwaki tena mpaka ujaze. Maandishi ya onyo yako kwa Kijapani. Kwa mtu aliye Dodoma au Mbeya, aliyeambiwa na yadi kwamba taa ile “ni ya huduma tu”, huo ni usiku mmoja wa nyumba ya wageni bila kupanga. Mafundi wengi hutoa suluhisho la kukata chujio na kuzima mfumo wote kwa kompyuta. Nimeona magari yaliyofanyiwa hivyo yakitembea vizuri na mengine yakitoa moshi mweusi na makosa yasiyoisha. Kwa vyovyote, mwenye gari amelipa bei ya teknolojia na kisha amelipa tena ili iondolewe. Kwa maoni yangu, anayetaka Prado ya kuagizwa achukue TRJ150W ya petroli, lita 2.7. Injini yake, 2TR-FE, ni ya ukoo uleule unaopatikana kwenye Hilux na HiAce nyingi za Afrika, hivyo plagi, koili na pampu zake zinajulikana, na haina chujio wala yurea. Itakunywa mafuta zaidi. Hilo angalau unalijua tangu siku ya kwanza.

Dhamana ni eneo ambalo maneno ni mengi kuliko karatasi. Dhamana ya kiwanda, ambayo kwa Toyota katika masoko mengi ya Afrika ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, ni ahadi ya kurekebisha kasoro ya utengenezaji. Brekipedi, oili, matairi, na shokapu iliyopigwa na makorongo havimo. Ahadi hiyo ina masharti, na la kwanza ni kwamba huduma zifanyike kwa vipindi vilivyowekwa na kuandikwa. Anayenunua gari la wakala kisha akalipeleka gereji ya mtaani kwa kuwa huduma ya wakala ni ghali, huwa amelipia dhamana na kuiacha mezani. Kabla ya kutia sahihi, afadhali ujumlishe gharama za huduma zote za miaka mitatu na kuziongeza kwenye bei. Ukiona huziwezi, basi unachonunua ni gari jipya lisilo na dhamana, na hiyo ni biashara nyingine.

Gari jipya kutoka Dubai ndilo linalowashangaza watu zaidi hapa. Ni jipya, lina plastiki kwenye viti, na kitabu cha dhamana kimo ndani. Lakini dhamana huanza siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza kwenye mfumo wa mtengenezaji, na inawezekana mnunuzi huyo ni mfanyabiashara aliyelikalia kwa miezi. Isitoshe, dhamana hutolewa na msambazaji wa eneo fulani kwa magari ya eneo hilo. Wakala wa hapa hana mapato yoyote kutokana na gari lile, na anaweza kulihudumia kwa malipo kama gari lolote huku akikataa dai la bure. Watengenezaji wenyewe hawapendi mkondo huu: Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, Toyota iliwataka wateja wa Japani watie sahihi ahadi ya kutoiuza ndani ya mwaka mmoja, kwa kuhofia magari kusafirishwa nje. Mnunuzi wa gari la namna hii apate jibu la maandishi kutoka kwa wakala, likitaja namba ya chasisi yake yote 17, kabla fedha hazijaondoka. Jibu la mdomo la afisa mauzo wa Dubai halina thamani kwenye kaunta ya wakala Barabara ya Nyerere.

Gari la mnadani Japani halina dhamana ya kiwanda, na hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni kwamba kununua kutoka yadi ya hapa si sawa na kuagiza mwenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamwekea anayeuza kama shughuli yake ya biashara wajibu juu ya ubora wa anachokiuza, ingawa ukilikagua gari kabla ya kulinunua, kasoro ambazo ukaguzi huo ungezifichua hazitakusaidia. Yadi iko mjini, ina leseni na ina mlango unaoweza kuubisha. Muuzaji wa Yokohama hana. Sehemu ya zile fedha za ziada unazolipa yadi ni bei ya kuwa na mtu wa kumdai, mradi risiti iandikwe kwa jina la kampuni na si la dalali aliyekuonyesha gari.

Kando ya dhamana kuna wito wa kurudisha magari yenye kasoro ya usalama, na kwa watu wa pwani huo ni mzito kuliko dhamana yenyewe. Mifuko ya hewa ya Takata ilitumia baruti ya amoni nitrati, ambayo huharibika taratibu kwa joto na unyevu. Baruti iliyoharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa duniani kote, zikiwemo Corolla, Vitz na Honda Fit, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ndiyo hasa hewa inayoiharibu baruti ile. Kwa gari la wakala, namba yako iko kwenye daftari lake, naye anajua pa kukupigia. Kwa gari lililoagizwa, barua ya wito ilitumwa kwa mmiliki wa mwisho kule Osaka. Tovuti ya Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba ya chasisi, tarakimu za kabla na za baada ya kistari, na kukuonyesha kama kuna kazi iliyobaki. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu ya kawaida inaweza kuutafsiri. Afadhali kufanya hivyo gari likiwa bado Japani, kwa kuwa huko muuzaji anaweza kulipeleka likabadilishwe bure. Likishafika hapa utategemea kile ambacho wakala wa chapa hiyo yuko tayari kukifanya kwa gari asilolileta.

Nimeahidi kurudi kwenye ulinganisho wa haki wa magari yenye umri unaokaribiana, nao uko kwenye minada ya mashirika. Prado iliyonunuliwa mpya kwa wakala na mradi wa wafadhili, yenye namba ya DFP, ikifika miaka mitano au sita huuzwa, aghalabu kwa zabuni ya bahasha. Hiyo ni gari la soko la Afrika, lenye namba ya 17, linaloonekana kwenye katalogi ya kaunta, na lina faili la huduma lenye mihuri. Dhamana imekwisha, lakini historia ipo. Ubaya wake ni kwamba kilomita zake ni za Katavi na Simiyu, si za lami ya Nagoya, kwa hiyo angalia chasisi kwa chini penye viungo vya kuchomelea, bushi za mikono ya nyuma, na vumbi laini ndani ya mkondo wa hewa baada ya chujio. Angalia pia kodi: gari lililoingia kwa msamaha hulipiwa ushuru linapohamia kwa asiye na msamaha, na tangazo la zabuni linapaswa kusema wazi nani atalipa. Lisiposema, chukulia ni wewe, kisha uandike kiasi cha zabuni yako baada ya kukitoa kiasi hicho.